Ombi lisigeuke amri: mwongozo kamili wa kuvusha "could you" na "would you" kati ya Kiingereza na Kiswahili

Nahariri tafsiri za watu wengine, na kosa ninalolisahihisha kuliko yote ni hili. Mtu anakutana na "could you" kwenye Kiingereza, anaandika "je, unaweza". Kesho yake anakutana na "uniletee" kwenye Kiswahili, anaandika "you bring me". Ya kwanza inasikika kama swali la mtihani, ya pili kama sauti ya mnyapara. Kamusi haina kosa hapo, kwa sababu kila neno liko mahali pake. Kilichopotea ni adabu.

Mwongozo huu ni wa anayetafsiri ujumbe, barua pepe, maelekezo au mazungumzo, kwenda na kurudi. Nimejikita kwenye Kiingereza na Kiswahili, na karibu na mwisho nimekigusa Kiarabu kwa sababu ya neno moja linalotuponza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Maandishi yote, wala si sentensi moja. Ombi hupimwa na kilichotangulia. Ukipewa sentensi iliyokatwa, omba ukurasa mzima.
- Majibu ya maswali matatu: nani anasema, anamwambia nani, na kati yao nani mkubwa, kwa umri na kwa cheo. Hivi viwili mara nyingi havikai upande mmoja.
- Msomaji mmoja wa upande wa pili wa mpaka. Kama wewe ni wa Dar, mtafute wa Nairobi au Mombasa, na kinyume chake. Sababu utaiona kwenye hatua ya nne.
- Sauti yako. Sentensi za ombi hazihakikiwi kwa macho peke yake. Zisome kwa sauti.

## Hatua ya 1: Tambua sentensi inafanya kazi gani

"Could you" na "would you" hufanya angalau kazi tatu. Huomba mtu atende jambo, huuliza uwezo wa kweli, na "would you like" humkaribisha mtu kitu. Kila kazi ina njia yake kwa Kiswahili.

Kipimo ni jibu linalotarajiwa. Msemaji akingoja tendo, hilo ni ombi. Akingoja habari, hilo ni swali. Akingoja kukubaliwa au kukataliwa kitu anachotoa yeye, huko ni kukaribisha.

Niliwahi kukalimani hospitalini Uingereza kwa mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa pwani, aliyekuwa na maumivu ya bega. Daktari akasema:

```
Could you lift your arm for me?
```

Nikatafsiri: "Je, unaweza kuinua mkono?" Mama akanitazama kwa upole, akajibu, "Naweza, mwanangu." Mikono ikabaki mapajani. Daktari akangoja, akanitazama mimi. Kwa muda ule mfupi angeweza kuandika kwamba mgonjwa hawezi kuinua mkono, kumbe hajaambiwa auinue. Niliposema, "Mama, naomba uinue mkono," mkono ukapanda mpaka usawa wa bega, na hapo ndipo maumivu yalipojitokeza.

Hospitalini hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kuna siku daktari anauliza uwezo kwa kweli: unaweza kupanda ngazi mwenyewe? Usipotenganisha mambo haya mawili, jibu la mgonjwa halina maana. Na yale maneno "for me" yaache kabisa. Ukiyafuata utajikuta unasema "uniinulie mkono", na kumwinulia mtu mkono kwetu ni kutaka kumpiga.

Kukaribisha nako kuna mtego wake. "Would you like some tea?" hugeuzwa "ungependa chai?", sentensi inayoeleweka lakini inanuka karatasi ya hotelini. Mwenye nyumba husema "Nikuletee chai?" au "Karibu chai."

Umefaulu kama: pembeni ya kila "could you" umeandika neno moja: ombi, swali, au karibu.

## Hatua ya 2: Andika amri tupu

Kwenye karatasi ya pembeni, vua heshima yote ubaki na tendo: *Inua mkono. Tuma ripoti. Funga mlango.*

Wengi wanairuka hatua hii kwa kuiona ya kitoto. Faida yake ni kwamba inakutoa kwenye umbo la Kiingereza. Ukianza na "could", utaishia kwenye "weza". Ukianza na "tuma", utajiuliza swali lililo sahihi: mtu huyu angemwambiaje mtu yule atume?

## Hatua ya 3: Weka salamu na jina la kumwitia

Kiingereza hubeba adabu ndani ya kitenzi. Hukirudisha nyuma kiwakati, "can" ikawa "could", kisha hugeuza sentensi iwe swali ili anayeombwa apate mlango wa kutokea. Kiswahili hubeba sehemu kubwa ya adabu kabla ya ombi kufika: shikamoo, habari za kazi, samahani dada, mzee wangu.

Ndiyo maana ombi lenye umbo la moja kwa moja halimuudhi mtu kwetu. "Samahani kaka, nionyeshe kituo cha daladala" ni kauli ya mtu mstaarabu. Liondoe "samahani kaka" uone kinachobaki.

Kwa hiyo chukua uzito uliokuwa kwenye "could" uuhamishie kwenye salamu na namna ya kumwita mtu. Katika ujumbe wa kawaida salamu fupi inatosha. Katika barua rasmi, "Ndugu" au cheo cha mtu hufanya kazi hiyo.

Onyo: usibandike "shikamoo" bila kujua umri. Bosi mwenye miaka 30 akimwandikia mlinzi wa miaka 60, shikamoo inatoka kwa bosi. Ukiigeuza, hakuna "naomba" itakayoiokoa barua hiyo.

Onyo la pili, kwa wanaotafsiri kutoka Kifaransa au Kijerumani: "vous" na "Sie" ni heshima kwa mtu mmoja, na vilevile huweza kusemwa kwa wengi. Usikimbilie "mnaweza" au "naomba mtume" kabla hujajua wanaoambiwa ni wangapi.

## Hatua ya 4: Chagua umbo la kitenzi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, tusiharakishe.

Umbo la kwanza ni "naomba" likifuatwa na kitenzi kinachoishia -e. *Naomba utume ripoti. Naomba unisubiri.* Hili ndilo mbadala wa kawaida wa "could you", na ukiwa na shaka litumie. Vitenzi visivyoishia -a havibadiliki mwishoni: naomba ujibu, naomba urudi, naomba usamehe.

"Naomba" moja hubeba vitenzi vingi. Kiingereza kikisema "could you" mara tatu katika aya, wewe sema "naomba" mara moja kisha fuatisha: *Naomba uangalie hesabu, usahihishe, kisha unirudishie.* "Naomba" tatu mfululizo humfanya mwandishi aonekane amepiga magoti.

Umbo la pili ni kitenzi cha -e bila "naomba". *Unitumie ile picha. Ukifika unipigie.* Hiki ni Kiswahili cha watu wanaofahamiana, wala si amri. Linganisha "Piga simu!" na "Unipigie basi." Umbo hili linafaa ndani ya ujumbe ambao tayari una salamu na "naomba" ya kwanza. Kwa mtu usiyemjua, tena kwa maandishi, ni kavu.

Umbo la tatu ni kumfanyia mtu. *Nisaidie, nipatie, niuzie, nipitishie.* Kile kiungo cha kati, kinachoonyesha kwamba jambo linafanywa kwa faida ya mtu, hulainisha chenyewe. "Nipatie" ni laini kuliko "nipe". Hapa ndipo unapomhitaji yule msomaji wa upande wa pili. Kenya, "Nisaidie na kalamu" ni kuazima kwa adabu kabisa, na "nipe maziwa" dukani haimkeri mtu. Mtanzania aliyezoea "naomba kalamu" na "naomba maziwa" huisikia "nipe" kama ukali. Naye Mkenya akizisikia hizo "naomba" za Dar anajiuliza mbona watu wanabembeleza mpaka vitu wanavyovilipia. Andikia sikio la atakayesoma.

Umbo la nne ni -nge-, na hili lina mwiba. Vitabu vya sarufi vinakuambia "would" ni -nge-, basi watu huandika "ungefunga mlango?" Lakini -nge- ikimwelekea mwenzako mara nyingi huwa lawama. "Ungeniambia!" maana yake ni kwamba hukuniambia na umeniponza. "Si ungefunga mlango!" ni kauli ya mtu ambaye kuku wameshaingia ndani. Itumie kwa nafsi ya kwanza tu, ambako ni nzuri: *ningeomba unisaidie, ningependa kujua.*

Na "unaweza"? Siipigi marufuku. Mjini watu husema "unaweza ukanisaidia hapo?" na wanaeleweka vizuri. Ile "uka-" inaonyesha kwamba kinachosubiriwa ni tendo. Kinachoiharibu ni "je" mbele yake. "Je, unaweza kunisaidia" ni sauti ya fomu ya kujaza au mtihani wa darasa la saba. Kwa maandishi, nipe umbo la kwanza.

Limebaki "would you mind", lenye mtego wa jibu. Mwingereza akiulizwa "Would you mind opening the window?" akajibu "No", amekubali. Wanaotafsiri manukuu ya filamu huandika "Utajali kufungua dirisha?" "Hapana," mtazamaji akabaki ameduwaa kuona dirisha linafunguliwa. Andika "Naomba ufungue dirisha," na jibu liwe "Haya" au "Hamna shida."

Umefaulu kama: ukisoma kwa sauti, jibu la kwanza linalokujia ni "haya" au "sawa". Likikujia "naweza", rudi mwanzo wa hatua hii.

## Hatua ya 5: Kilainishi kimoja kinatosha

Vilainishi tunavyo: kidogo, mara moja, basi, ukipata nafasi, kama si usumbufu. Weka kimoja kwa ombi moja.

Angalia "mara moja". Katika "njoo mara moja" ya jirani, ni kwa dakika mbili tu. Katika barua ya ofisi, "ripoti mara moja" ni sasa hivi, bila kuchelewa. Ikiwa msomaji anaweza kuelewa vyote viwili, liache neno hilo.

"Hebu" ni la marika na walio chini yako. Usimwekee mkubwa.

"Tafadhali" nalo si sukari ya kunyunyiza kila mahali. Kwenye tangazo la ukutani linafaa sana. Kwenye mazungumzo, likitamkwa kwa mkazo, huwa onyo: "Tafadhali, usinizoee." Ukilipachika mbele ya amri tupu, "Tafadhali tuma ripoti", umepata tangazo la ukutani ndani ya barua ya mtu.

Kuna mahali ombi halihitaji kilainishi chochote: skrini ya simu au mashine. Hata kama Kiingereza kimesema "please", "Weka namba ya siri" inatosha. Mashine haiombi.

## Hatua ya 6: Usilainishe lililo amri

Mwingereza mwenye cheo hutoa amri kwa sauti ya ombi. "Could you come to my office?" ya mkurugenzi haina mlango wa kukataa. Na "You might want to check these figures" humaanisha hesabu zimekosewa, zirekebishe. Ukitafsiri "huenda ungependa kuziangalia", msomaji hatazigusa, na lawama zitamwangukia yeye.

Bahati nzuri "naomba" nayo ina sura mbili. Mwalimu akisema "naomba mnyamaze", hakuna anayedhani wana hiari. Basi "Naomba ufike ofisini kwangu saa nane" inatosha kwa mkurugenzi. Kwa barua rasmi kuna ngazi zinazoeleweka na kila karani: *unaombwa kufika, unatakiwa kufika, unaagizwa kufika.* Chagua ngazi kwa kuangalia kitakachotokea mtu asipofika.

## Hatua ya 7: Kurudi kwenye Kiingereza

Huku kazi ni kinyume chake. Salamu ya Kiswahili, hata ikiwa ndefu, haimlainishi msomaji wa Kiingereza. Atasoma habari za watoto na za kazi, kisha akifika kwenye "you send me" atahisi ameamrishwa. Uzito urudishe kwenye kitenzi.

Kila kitenzi cha -e kinachomtaka mwenzako atende, na kila "naomba", kivike "could you". Ukiomba kitu mkononi, tumia "could I have". Usiandike "I beg", kwa sababu hiyo ni kulia. Usiandike "I am requesting for", kwa sababu hiyo ni barua ya polisi.

```
Naomba maji ya kunywa.    -> Could I have some water, please?
Uniletee bili.            -> Could you bring the bill, please?
Nisaidie simu mara moja.  -> Could I use your phone for a minute?
```

Ona mstari wa tatu. "Assist me your phone" ni Kiswahili kilichovaa nguo za Kiingereza, na "mara moja" imegeuka dakika moja, haikuwa "immediately".

## Mfano mzima, kwenda na kurudi

Mwenye nyumba ya wageni anayeishi Ulaya alimwandikia mzee anayemtunzia nyumba hiyo Pangani. Nililetewa ujumbe baada ya tafsiri ya kwanza kushindwa.

```
Hello, could you check the water tank, and would you mind
sending me a photo? Could you also remind the guests not to
leave the gate open? I'd like it done by Friday.
```

Tafsiri ya kwanza ilisema: "Habari, je, unaweza kuangalia tangi la maji, na utajali kunitumia picha? Je, unaweza pia kuwakumbusha wageni wasiache geti wazi? Ningependa ifanyike kufikia Ijumaa."

Mzee alijibu, "Ndiyo, naweza. Sijali." Ijumaa ikapita bila picha. Ukimuuliza, atakuambia aliulizwa maswali mawili matatu, akajibu yote.

Hatua ya kwanza: zote ni maombi, hakuna swali la uwezo. Ya pili: *angalia tangi, tuma picha, kumbusha wageni.* Ya tatu: nikauliza umri. Mwenye nyumba ana miaka 41, mzee kapita 60. Basi ni shikamoo. Ya nne: "naomba" moja, vitenzi vitatu. Ya tano: sikuweka kilainishi, salamu imeshafanya kazi. Ya sita: "I'd like it done by Friday" ni tarehe ya mwisho, si pendeleo, kwa hiyo isilegezwe na "ningependa".

Ikawa hivi, pamoja na Ijumaa mpya:

"Shikamoo mzee, habari za huko? Naomba uangalie tangi la maji, unitumie picha yake, na uwakumbushe wageni geti lisiachwe wazi. Mpaka Ijumaa iwe imekamilika."

Nilitamani kuongeza sababu, maana kwetu ombi lenye sababu hupokelewa vizuri zaidi. Lakini asili haikuitoa, na mtafsiri haruhusiwi kuitunga. Nilimwandikia mwenye nyumba kwamba akiwa nayo aiweke. Hakuwa nayo.

Picha mbili zikaingia jioni hiyohiyo, na chini yake: "Marahaba. Nimeangalia, koki imeharibika. Unitumie hela ya fundi, na uniambie ninunue ya plastiki au ya chuma."

Neno kwa neno ingekuwa "You send me money and you tell me", na nadhani mwenye nyumba angekunja uso. Nilimpelekea hii:

```
Hello. I've checked it, and the tap is broken. Could you send
me the money for the plumber, and let me know whether to buy
a plastic one or a metal one?
```

"Marahaba" imekuwa "Hello" kavu, na hakuna la kufanya: Kiingereza hakina kiti cha kuikalisha.

## Mtego wa Kiarabu

Wanaofanya kazi Maskati au Dubai hujiona salama kwa sababu "tafadhali" lilitoka Kiarabuni. Lakini Mwarabu akikuambia "tafaddal", anakupa kitu au anakukaribisha: ingia, kaa, chukua. Ni "karibu" yetu. Anapoomba husema "min fadlak" au "lau samaht", na akimwomba mwanamke, "min fadlik" na "lau samahti".

Kwa hiyo ukimwendea mwenye duka ukamwambia "tafaddal" huku umenyoosha mkono kwenye chupa ya maji, atadhani unampa kitu. Anza na "lau samaht", kisha taja unachotaka. Ile "samaht" ni ndugu wa "samahani" yetu, ukikumbuka hivyo hutaisahau.